Karatasi ya Zamani, Saa Mezani

Mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne Tanzania una alama 100 kwa saa 3, kwa hiyo swali la alama 6 lina takriban dakika 11 tu. Jumamosi asubuhi, fanya karatasi nzima ya mwaka uliopita bila daftari wala simu. Muda ukiisha, weka kalamu chini.

Ukishasahihisha, andika kila kosa na sababu yake kwenye daftari la makosa. Tuseme −2(x − 3) uliandika −2x − 6 badala ya −2x + 6. Usiandike “haraka”, andika “sikuzidisha hasi kwa hasi”.

Baada ya wiki, rudia swali hilo bila kutazama jibu. Ukikosea tena, rudi kwenye mada yenyewe kabla ya kufungua karatasi nyingine.