Chaji Taswira: Ufafanuzi wa Tufe Lililounganishwa na Ardhi

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ameizoea taswira kuwa picha inayojengwa akilini kwa maneno. Katika taaluma ya umeme tuli, taswira ni chaji ya kubuni inayoshika nafasi ya chaji halisi ili hesabu ngumu iwe nyepesi. Mbinu hii iliasisiwa na William Thomson, ambaye baadaye alijulikana kama Lodi Kelvin, katika miaka ya 1840. Makala haya yanaifafanua kwa mfano mmoja na kubainisha mpaka ambao taswira hiyo haipaswi kuuvuka.

Tatizo lenyewe

Ichukuliwe kuwa pana tufe la shaba lenye nusu kipenyo cha sentimita 10, nalo limeunganishwa na ardhi kwa waya. Nje ya tufe, sentimita 20 kutoka kitovuni, pamewekwa chaji ndogo ya nanokulombu +8. Chaji hiyo chanya huvuta elektroni, nazo hupanda kutoka ardhini kupitia waya na kutanda juu ya uso wa tufe. Hutulia pale uwezo wa umeme wa uso mzima unapokuwa sifuri, sawa na ule wa ardhi.

Ugumu unajitokeza hapa. Ili kuujua umeme ulio nje ya tufe, ni lazima ijulikane jinsi elektroni zilivyotanda. Na ili ijulikane zilivyotanda, ni lazima umeme wenyewe ujulikane kwanza.

Taswira inavyotatua

Thomson aliuliza swali jingine: je, kama tufe lingeondolewa, ni chaji gani moja ambayo ingeufanya uwezo uwe sifuri mahali pale pale palipokuwa na uso wake? Uwezo unaotokana na chaji ya nukta hulingana na chaji hiyo ikigawanywa kwa umbali. Nusu kipenyo kikiwa R, umbali wa chaji q kutoka kitovuni ukiwa a, jibu ni chaji q' iliyo umbali b kutoka kitovuni, upande unaoielekea q:

q' = −qR/a
b = R²/a

Katika mfano huu, q' ni nanokulombu −4, nayo iko sentimita 5 kutoka kitovuni. Jibu hili linaweza kuhakikiwa. Nukta ya uso iliyo karibu zaidi na chaji halisi iko sentimita 10 kutoka kwa chaji hiyo na sentimita 5 kutoka kwa taswira: 8/10 − 4/5 ni sifuri. Nukta ya upande wa pili iko sentimita 30 na 15: 8/30 − 4/15 ni sifuri pia. Kila nukta nyingine ya uso iko mbali na chaji halisi mara mbili ya ilivyo mbali na taswira, kwa hiyo zote hutoa sifuri. Kwa kuwa kanuni za umeme tuli huruhusu jibu moja tu kwa masharti haya, umeme wa nje ya tufe ndio huu hasa.

Chaji iliyo usoni

Kutokana na taswira, chaji halisi iliyopanda kutoka ardhini nayo inajulikana. Jumla yake ni nanokulombu −4, sawa kabisa na taswira. Hata hivyo, haikukusanyika kwenye nukta moja, wala haikutanda kwa usawa. Msongamano wake hupungua kadiri ya mchemraba wa umbali kutoka kwa chaji ya nje. Kwa kuwa umbali huo ni sentimita 10 upande wa karibu na 30 upande wa mbali, msongamano wa upande wa karibu ni mara 27 ya ule wa mbali. Aidha, kani ya mvuto huhesabiwa kana kwamba chaji mbili zimetengana kwa sentimita 15. Nayo ni takribani nyutoni 0.0000128.

Mipaka ya taswira

Kosa la kawaida ni kuitumia taswira ndani ya tufe. Humo uwezo ni sifuri kila mahali, ilhali taswira ingedai kuwa uwezo hauna kikomo pale sentimita 5 kutoka kitovuni. Kosa la pili huhusu nishati. Chaji ya nje ikisogezwa, taswira nayo hubadilika ukubwa na mahali. Kwa hiyo nishati ya mfumo ni nusu tu ya ile ambayo chaji mbili halisi zingekuwa nayo. Tena, kama tufe halikuunganishwa na ardhi tangu mwanzo na halikuwa na chaji, jumla ya chaji yake haina budi kubaki sifuri. Hapo huhitajika taswira ya pili, ya nanokulombu +4, kitovuni.

Hitimisho

Imebainika kuwa chaji taswira haipo ndani ya shaba. Kilichopo ni elektroni zilizotanda usoni. Ubunifu huo husema kweli kwa anayetazama kutoka nje, na hupotosha mara tu anapoingia ndani ya tufe kuitafuta.