Mzazi, Mwalimu na Mtoto: Majibu Matatu kwa Hojaji Moja

Mama amejaza hojaji kuhusu tabia ya mwanawe, mwalimu amejaza yake, na mtoto mwenyewe amejaza ya tatu. Zikiwekwa pamoja hazipatani. Je, nani amekosea?

Mwaka 1987 Thomas Achenbach wa Marekani na wenzake wawili waliunganisha matokeo ya tafiti 119 juu ya jambo hili. Kwa kipimo ambacho 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kuhusiana kikamilifu, majibu ya watu wanaomwona mtoto mahali pamoja, kama baba na mama, yalikuwa na wastani wa 0.60. Ya wanaomwona mahali tofauti, kama mzazi na mwalimu, yalikuwa 0.28 tu, na ya mtoto na watu wengine, 0.22. Kutopatana, basi, ndiyo hali ya kawaida.

Tuchukue mfano wa kubuni. Msichana wa miaka 13 anapimwa kwa hojaji ya Robert Goodman wa Uingereza, iliyochapishwa mwaka 1997. Sehemu ya hisia ina maswali matano: maumivu ya kichwa au tumbo, wasiwasi, huzuni, kukosa ujasiri penye mambo mapya, na hofu. Kila jibu hupata 0, 1 au 2. Mama ametoa 2 kwa maumivu na 1 kwa wasiwasi, jumla 3. Mwalimu ametoa 1 tu, kwa kukosa ujasiri. Msichana amejipa 2 kwa matatu ya kwanza na 1 kwa mawili ya mwisho, jumla 8.

Wengi hapa hutafuta wastani, nao ni 4. Hilo ni kosa. Katika jedwali la awali la Uingereza, 4 ya mzazi iko mpakani, lakini 4 ya mwalimu au ya mtoto ni ya kawaida. Wastani hauna jedwali lake. Tena 8 ya msichana, iliyomo katika kundi la juu kabisa, imezama isionekane.

Afadhali tulinganishe swali kwa swali. Mama na binti wanapatana juu ya maumivu. Yakitokea alfajiri nyumbani, mwalimu atayaonaje? Mama na aulizwe ni siku zipi: yakija siku za masomo na kutoweka wakati wa likizo, chanzo kitafutwe shuleni au njiani. Mwalimu mwenye wanafunzi 60 naye huenda aliandika 0 kwa maana ya “sikuona”, kwani hojaji haina nafasi ya “sijui”. Huzuni na wasiwasi vimo moyoni, na shahidi wa karibu ni mtoto. Kwa utukutu wa darasani ningemwamini mwalimu zaidi.

Hata hivyo 8 hiyo yaweza kupotosha. Hojaji huuliza juu ya miezi sita iliyopita, naye labda alijibu kwa machungu ya juma moja. Au alitia alama safu moja tangu juu hadi chini. Hilo hujulikana akikubali kabisa kwamba hatulii, na pia kwamba humaliza kila kazi kwa makini. Hapo inafaa kurudia maswali pamoja naye, faraghani, kabla ya kuandika lolote katika faili lake.