Jaketi la Manyoya: Kazi Iko Kwenye Kukausha

Jaketi la manyoya ya bata, kama yale yanayovaliwa kwenye baridi ya Kilimanjaro, likilowa manyoya yake hugandana mabonge. Lifue kwa mkono, maji ya vuguvugu, sabuni ya maji kidogo, kisha suuza hadi povu liishe. Usilisokote, libonyeze maji yatoke, ulinyanyue kwa mikono miwili lisichanike mishono ya ndani.

Litandaze penye upepo, na kila baada ya saa moja yatawanye mabonge kwa vidole. Hapo ndipo wengi huchoka. Kitambaa cha nje hukauka mapema, manyoya bado. Ukilikunja sasa, litavunda. Liinue juani ulitazame: madoa ya kivuli ni mabonge, na yakiwa baridi mkononi, bado yana maji. Bila mashine ya kukaushia, huenda likachukua siku mbili au tatu.