Barafu ya bisapi: friza haisafishi maji

Hapa Dilala, mjini Kolwezi, mama mwenye friza ndogo huweza kuuza barafu ya bisapi kwa majirani na watoto wa masomo. Mama mmoja wa kanisa letu alianza hivyo. Alichota maji ya kisima, akatia sukari na rangi, akagandisha. Juma lile watoto wawili wa jirani waliendesha. Hatukujua kama ni barafu ile, lakini yeye alisimamisha kazi, akaniuliza: “Pasta, si baridi inaua vijidudu?”

Hapana. Baridi huvilaza tu. Kijidudu cha kolera huweza kubaki hai ndani ya barafu, na barafu ikiyeyuka mdomoni mwa mtoto, kinaamka. Moto ndio unaoua. Kwa hiyo usafi wote ufanyike kabla ya friza.

Siku hizi mama huyo anafanya hivi. Anaosha gramu 100 za maua makavu ya bisapi, anayatia katika lita 2 za maji, na kuyaacha yatokote dakika 10. Anachuja kwa kitambaa kilichochemshwa, anatia gramu 200 za sukari, na kurudisha motoni mpaka yatokote tena, kwa sababu mkono na kitambaa vimeyagusa. Kisha anafunika sufuria na kuiweka ndani ya beseni la maji baridi. Haongezi maji mabichi ili kupoza. Hapo ndipo wengi wanaharibu kazi yote.

Ananawa kwa sabuni, anamimina desilita 1 katika kila kifuko, anafunga. Anapata vifuko karibu 18. Hafungui kifuko kwa kukipuliza kwa mdomo. Tena vifuko vyenyewe anavitunza katika ndoo yenye kifuniko, kwani mtoto hung'ata pembe ya plastiki kwa meno. Uchafu wa nje nao unaingia.

Inabaki shida ya umeme. Ukikatika usiku na kurudi alfajiri, barafu yaweza kuyeyuka na kuganda tena bila wewe kujua. Gandisha kikombe kimoja cha bisapi ileile, si cha maji matupu, maana chenye sukari huyeyuka mapema. Kikiganda, weka sarafu juu yake. Asubuhi ukikuta sarafu imezama chini, vifuko vyote viliyeyuka, usiviuze. Kama ni yaurti au kitu kingine cha maziwa, mwaga.

Umeme ukikatika, usifungue friza kuchungulia. Ikiwa imejaa hushika baridi muda mrefu kuliko iliyo nusu tupu. Nafasi iliyobaki ijazwe chupa za maji.

Mama yule ameuza tena muhula mzima. Sarafu imezama mara tatu, na mara tatu watoto walikuta mlango umefungwa. Alipoteza sukari na maua ya siku hizo, lakini majirani bado wanatuma watoto wao kwake.