Ruhusa ya mkutano mkuu si likizo ya mwaka

Barua inayowagombanisha viongozi wa matawi na maofisa utumishi mara nyingi haizidi ukurasa mmoja. Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi anaomba siku chache za kwenda kwenye mkutano mkuu wa chama chake, au kukaa kwenye meza ya majadiliano ya mkataba wa hali bora, na anataka mshahara wake usiguswe. Anajibiwa kwa mdomo: "Nenda, lakini siku hizo tutazikata kwenye likizo yako." Wengi hulikubali jibu hilo kwa sababu hawajui wapingie wapi.

Tanzania Bara pa kupingia papo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 62, inakipa chama kilichosajiliwa haki ya kuwa na wawakilishi mahali pa kazi. Wanachama 10 hadi 20 wanakuwa na wawakilishi 3, wanachama 21 hadi 100 wanakuwa na 10, na wakizidi 100 wawakilishi wanakuwa 15. Kifungu hichohicho kinaorodhesha kazi zao: kumsimamia mwanachama kwenye shauri la nidhamu, kusemea usalama na ustawi kazini, kuangalia kama mwajiri anafuata sheria, na pia kutekeleza kazi za chama kwa mujibu wa katiba yake. Kwa kazi hizo mwakilishi anastahili muda wa kutosha, wenye malipo. Kifungu cha 63 kinaongeza likizo yenye malipo kwa mwakilishi anayekwenda kwenye mafunzo yanayohusu kazi yake ya uwakilishi, na kwa viongozi wa chama au wa shirikisho wanapotekeleza majukumu ya vyeo vyao. Zanzibar ina sheria zake za kazi, kwa hiyo vifungu hivi havivuki bahari.

Msomaji makini ataona kwamba mkutano mkuu haukutajwa kwa jina. Mafunzo yametajwa, shauri la nidhamu limetajwa, mkutano mkuu haumo. Ofisa utumishi anayejua kazi yake atasimama hapo hapo. Ndiyo maana ombi linaloandikwa "naomba ruhusa ya shughuli za chama" ni ombi dhaifu. Ombi lenye nguvu linaonyesha kwamba katiba ya chama ndiyo inayoitisha mkutano huo na ndiyo inayomtaja mjumbe wa tawi kuwa mhudhuriaji. Hapo safari inaingia kwenye kazi za chama kwa mujibu wa katiba. Anayetaka tegemeo la ziada analo Pendekezo Na. 143 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1971, linalotaja waziwazi mikutano mikuu ya vyama na kusema mwakilishi asipoteze mshahara kwa kuihudhuria. Lakini pendekezo si sheria, na hilo lenyewe linaacha suala la nani abebe gharama liamuliwe na kila nchi. Litaje baada ya kifungu cha 62, usilitangulize.

Tuchukue mfano. Fundi wa mitambo kiwandani Tanga, mwakilishi wa tawi, amechaguliwa kuwa mjumbe wa mkutano mkuu utakaofanyika Dodoma kuanzia Jumanne hadi Alhamisi. Jumatatu ni safari ya kwenda, Ijumaa ni ya kurudi. Ukiangalia ratiba ya mkutano utaona siku 3, ila kwenye daftari la mahudhurio ya kiwanda zitakuwa 5. Ugomvi mwingi huzaliwa na hizo 2 za njiani, maana barua iliomba 3 na mtu akarudi baada ya 5. Wiki hiyo, tena, fundi wetu amepangiwa zamu ya usiku, ambayo kisheria ina nyongeza isiyopungua asilimia 5. Je, mshahara wake wa siku hizo unahesabiwa na nyongeza hiyo au bila hiyo? Sheria inasema malipo, haifafanui mpaka huko.

Barua yake, ambayo ni vizuri iandikwe na katibu wa chama badala ya yeye mwenyewe, ingesomeka hivi:

"YAH: RUHUSA YENYE MALIPO KWA MJUMBE WA MKUTANO MKUU. Rejea kifungu cha 62 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Ndugu aliyetajwa hapo juu ni mwakilishi wa tawi na mjumbe wa mkutano mkuu kwa mujibu wa katiba ya chama, nakala ya ibara husika na mwaliko vimeambatishwa. Tunaomba siku 5 za kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, zikiwemo 2 za safari. Nauli, malazi na posho vitalipwa na chama. Zamu yake itashikwa na fundi wa zamu ya mchana waliyekubaliana naye, kwa idhini ya msimamizi. Tunaomba siku hizi zisihesabiwe katika likizo ya mwaka. Tafadhali tujibu kwa maandishi."

Sentensi ya nauli ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Mwajiri anapokataa, mara nyingi anahofia kubebeshwa safari nzima, wakati anachoombwa ni mshahara ambao angeulipa hata fundi angebaki kwenye mtambo. Sentensi ya zamu nayo inajibu swali lake la pili kabla hajaliuliza. Sheria imesema muda "wa kutosha", na kipimo chake hakiwezi kuwa kimoja kwa kiwanda chenye mafundi 20 na karakana yenye fundi mmoja. Mwajiri mwenye fundi mmoja ana haki ya kuuliza mtambo ataachiwa nani.

Suala la likizo lisiachwe hivi hivi. Siku 28 za likizo ya mwaka ni za mfanyakazi kupumzika. Anayezitumia kwa mkutano wa chama amelipia uwakilishi wake mwenyewe, na mwakani mwenzake ataambiwa ndiyo desturi ya hapa.

Majadiliano ya hali bora yana sura nyingine kidogo. Chama kinachotambuliwa na mwajiri wana wajibu wa kujadiliana kwa nia njema, na hapo mwajiri mwenyewe yuko mezani, kwa hiyo ni vigumu kwake kudai kwamba mjumbe wa upande wa pili ni mtoro. Kasoro hutokea kwenye maandalizi. Mwajiri hulipa saa za kikao, hafikirii siku ya wajumbe kukutana wenyewe kupanga hoja na kusoma hesabu za kampuni. Hiyo iandikwe kwenye kanuni za majadiliano mnazokubaliana kabla ya kikao cha kwanza. Baada ya kikao cha tatu, mkiwa mmeshakasirishana, haiandikiki tena.

Mwajiri akikataa, njia ipo lakini ni ya kobe. Chama kinatoa notisi chini ya kifungu cha 64. Mwajiri ana siku 30 za kukutana nacho ili wafunge makubaliano ya namna haki hiyo itakavyotumika. Wasipoelewana, shauri linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako usuluhishi una siku 30 nyingine, na ukishindikana linafika Mahakama ya Kazi. Mwaliko uliofika wiki 3 kabla ya mkutano hauwezi kuokolewa na mlolongo huo. Wajumbe watakuwa wamesharudi Dodoma zamani.

Lipo kosa linalofukuzisha watu kazi: kuondoka kwa ruhusa ya mdomo. Msimamizi aliyesema "nenda tu" anaweza kuhamishwa au kusahau. Miongozo ya nidhamu ya mwaka 2007 inauhesabu utoro wa zaidi ya siku 5 za kazi kuwa kosa linaloweza kumfukuzisha mtu. Fundi wetu yuko ukingoni kabisa. Basi likiharibika njiani naye akaripoti Jumanne badala ya Jumatatu, amevuka. Kama jibu la maandishi halijaja, katibu aandike barua ya pili, aipeleke kwa mkono na kusainiwa kwenye daftari la kupokelea. Kama limekuja na linakataa, mjumbe abaki kazini na chama kipeleke shauri. Tawi limtume mjumbe mbadala, kama katiba inaruhusu.

Kwa hiyo viongozi wa matawi wanaojadili mkataba mpya wa hali bora mwaka huu, pamoja na nyongeza ya mshahara, wekeni kifungu cha ruhusa: siku ngapi kwa mwaka kwa kila mwakilishi, taarifa itolewe siku ngapi kabla, safari inahesabiwaje, nyongeza ya zamu inalipwa au hailipwi, nani anasaini. Kifungu hicho hakimgharimu mwajiri fedha nyingi, na ni rahisi kukipata mkiwa bado mezani.