Gharama ya Saa Moja ya Umeme wa Jenereta

Umeme wa gridi ukatikapo katika kijiji cha Genkuru, karibu na mgodi wa dhahabu wa Mara Kaskazini wilayani Tarime, mwenye saluni hulazimika kuamua kama awashe jenereta ya petroli au awaambie wateja wasubiri. Uamuzi huo hutegemea hesabu, na hesabu hiyo hukosewa mara nyingi kwa kudhani kwamba mtumiaji wa umeme kidogo huchoma petroli kidogo. Katika makala hii itaonyeshwa kwa nini sivyo.

Umeme hupimwa kwa uniti, yaani kilowati moja inayotumika kwa muda wa saa moja. Viwango vilivyoidhinishwa na EWURA mwaka 2016 viliweka shilingi 292 kwa uniti moja kwa mteja wa kundi la T1, ambamo wamo wafanyabiashara wadogo. Zikijumlishwa kodi na tozo, bei hiyo hufikia shilingi 356 hivi. Hapa gharama hufuata matumizi: asiyetumia uniti halipii uniti.

Jenereta haina tabia hiyo. Ili itoe umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, injini ya jenereta ndogo ya kawaida haina budi kuzunguka mara 3,000 kila dakika, iwe inawasha taa moja au inabeba mzigo wake wote. Kwa mwendo huo petroli hutumika kushinda msuguano wa vyuma, kuvuta hewa na kuendesha feni ya kupozea, hata kabla ya taa ya kwanza kuwashwa. Kwa jenereta ya kilowati 2, yafaa kukadiria nusu lita kwa saa bila mzigo wowote, na takriban lita 0.35 zaidi kwa kila uniti inayotolewa.

Tuchukue, kwa ajili ya hesabu, kwamba lita moja ya petroli ni shilingi 3,000. Saluni yetu ina mashine mbili za kunyolea, taa, feni na televisheni, jumla wati 200. Kwa saa moja hutumia uniti 0.2. Jenereta itachoma lita 0.57, yaani shilingi 1,710. Kazi iyo hiyo kwa umeme wa gridi ingegharimu shilingi 71. Tofauti ni mara ishirini na nne.

Sasa mteja anahitaji kukaushwa nywele, na mashine ya wati 1,400 inawashwa. Mzigo umekuwa wati 1,600, yaani umeongezeka mara nane, lakini petroli haikufika hata maradufu: ni lita 1.06, au shilingi 3,180. Gridi ingetoza shilingi 570. Tofauti imeshuka hadi kati ya mara tano na sita. Wati 1,600 ndio karibu mwisho wa uwezo wa jenereta hiyo huko Tarime. Nchi hiyo iko juu kuliko uso wa Ziwa Viktoria, ambao wenyewe uko mita 1,134 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake.

Petroli si gharama pekee. Injini kama hiyo hubadilishiwa oili kiasi cha lita 0.6 kila baada ya saa 100. Oili ikiuzwa shilingi 12,000 kwa lita, kila saa hubeba shilingi 72. Maana yake, oili peke yake hugharimu sawa na umeme wote wa gridi ambao saluni ile ingetumia kwa mzigo mdogo. Uchakavu wa mashine bado haujahesabiwa.

Kila mwenye jenereta aweza kuipima yake. Ajaze tangi hadi alama fulani, aiendeshe saa moja kwa mzigo wake wa kawaida, aizime na kuiacha ipoe, kisha arudishe petroli hadi alama ile ile kwa chombo chenye vipimo. Alichokiongeza ndicho kilichochomwa. Arudie bila mzigo, naye ataona ni kiasi gani cha fedha zake huishia katika kuizungusha injini tu.

Basi, umeme ukatikapo, kazi nzito zikusanywe katika saa moja, kisha jenereta izimwe. Taa na mashine za kunyolea zafaa kuachiwa betri iliyochajiwa wakati gridi ipo. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumika nusu tu ili isiharibike mapema, huendesha wati 200 kwa karibu saa tatu. Hata ukihesabu upotevu, kuichaji huhitaji uniti moja hivi, shilingi 356. Kwa saa hizo tatu jenereta ingekunywa petroli ya shilingi 5,130.