Darasa Lililosema 0.35 ni Kubwa Kuliko 0.5

Mwalimu ametoka chuoni juzijuzi na amekabidhiwa hisabati ya darasa la tano. Kisa chake ni cha kubuni, lakini makosa ya wanafunzi wake si ya kubuni hata kidogo. Aliyewahi kusahihisha madaftari ya desimali atayatambua mara moja.

Siku hiyo andalio la somo lilikuwa limejazwa vizuri, tangu utangulizi hadi hitimisho. Mada ilikuwa kulinganisha desimali, kipindi cha dakika 40. Kwenye utangulizi aliuliza, "Jana tulijifunza nini?" Darasa zima likaitika kwa pamoja, "Desimali!" Akaridhika, akaingia kwenye maarifa mapya. Akaandika ubaoni 0.3 na 0.7, akauliza ipi kubwa. Mikono ikajaa hewani. Akaandika 0.25 na 0.48. Mikono ileile, majibu sahihi. "Mmeelewa?" "Ndiyo, Mwalimu!" Akatoa zoezi.

Madaftari yalipofika ofisini, zaidi ya nusu ya darasa walikuwa wameandika kwamba 0.35 ni kubwa kuliko 0.5. Walisema pia kwamba 0.125 inaizidi 0.4, na kwamba 2.08 inaizidi 2.7. Kilichomshangaza ni kwamba hawakukosea ovyo. Walikosea kwa mpangilio mmoja, kana kwamba walifundishwa kanuni ambayo yeye hakuifundisha.

Na kweli kanuni ilikuwepo. Alipomwita mwanafunzi mmoja na kumwomba aeleze badala ya kumsahihisha, mtoto alijibu bila wasiwasi: "Thelathini na tano ni kubwa kuliko tano, Mwalimu." Kwa zaidi ya miaka minne mtoto huyu amefanyia kazi namba nzima, na katika namba nzima kanuni yake haijawahi kumwangusha: namba yenye tarakimu nyingi ndiyo kubwa. Alipokutana na nukta, aliitazama sehemu iliyo kulia kwake kama namba nzima nyingine na kuendelea na kanuni anayoiamini. Mwalimu naye alikuwa amemsaidia kupotea, kwa sababu ubaoni alisoma "sifuri nukta thelathini na tano" badala ya "sifuri nukta tatu tano".

Kwa nini basi mifano ya ubaoni ilikwenda vizuri? Iangalie tena. 0.3 na 0.7 zina tarakimu moja moja baada ya nukta, 0.25 na 0.48 zina mbili mbili. Urefu ukiwa sawa, mtoto anayedhani analinganisha 25 na 48 atapata jibu sahihi kila mara. Mifano ilikuwa imechaguliwa, bila kukusudia, kwa namna ambayo kosa lisingeweza kuonekana. Ndiyo maana tiki nyingi ubaoni hazithibitishi kwamba somo limeeleweka.

Mwanasaikolojia wa Marekani David Ausubel aliandika mwaka 1968 kwamba jambo lenye uzito kuliko yote katika kujifunza ni kile ambacho mwanafunzi tayari anakijua, na kwamba mwalimu akichunguze kwanza ndipo afundishe. Wengi husikia hapo agizo la kukumbushia somo la jana. Lakini kile anachokijua mtoto hakiishii kwenye somo la jana, na si chote kinachosaidia. Mwaka 1989 Lauren Resnick na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa Marekani, Israeli na Ufaransa wanaojifunza desimali, nao wakakuta makosa ya aina ileile yakijirudia. Wapo wanaoshika kanuni ya namba nzima, kama darasa letu. Wapo pia wanaokosea upande wa pili: wamesikia kwamba sehemu ya mia ni ndogo kuliko sehemu ya kumi, wakahitimisha kwamba desimali yenye tarakimu nyingi lazima iwe ndogo. Hao watakwambia 0.4 ni kubwa kuliko 0.457.

Makundi haya mawili hayatenganishwi kwa kuhesabu alama. Mpe mtoto 4.8 na 4.63. Wa kundi la kwanza atachagua 4.63, akose. Wa kundi la pili atachagua 4.8, apate tiki, ingawa sababu yake ni mbovu. Ukimwongezea 0.4 na 0.457, mambo yanageuka: sasa wa kwanza anapata na wa pili anakosa. Maswali mawili kwenye kipande cha karatasi, dakika tano za mwanzo wa kipindi, na mwalimu anajua nani anafikiri vipi. Kazi ya utangulizi katika andalio ndiyo hii, na inasikitisha kuona hatua hiyo ikigeuzwa kuwa kiitikio.

Ofisini, mwenzake mwenye uzoefu alimpa dawa ya haraka: waambie waongeze sifuri, 0.5 iwe 0.50, kisha walinganishe 50 na 35. Majibu hurekebika siku hiyohiyo. Mimi naiogopa dawa hii inapotolewa mapema. Inamruhusu mtoto aendelee kulinganisha namba nzima, na zaidi ya hapo, katika namba nzima sifuri ikiongezwa kulia huikuza namba mara kumi. Mtoto ambaye hajaelewa thamani ya nafasi anaweza kuamini kwamba 0.50 ni kubwa kuliko 0.5. Sifuri ingoje mpaka ajue kwa nini haibadilishi kitu.

Mwalimu alirudi darasani na chupa mbili tupu: ya soda ya mililita 350 na ya maji ya nusu lita. Akauliza ipi inabeba zaidi. Hakuna aliyesita, ya maji. Akaandika ubaoni, chini ya chupa ya soda, lita 0.35, na chini ya chupa ya maji, lita 0.5. Minong'ono ikaanza. Watoto walikuwa na maarifa sahihi tangu zamani, kutoka dukani na nyumbani, ila hayakuwa yamekutana na zile alama za daftarini.

Kisha akatoa ukanda wa karatasi wenye urefu wa mita moja. Wakaugawa sehemu kumi sawa, kila sehemu wakaigawa tena kumi. Kwa 0.5 walihesabu sehemu tano za kumi. Kwa 0.35 walihesabu sehemu tatu za kumi, kisha vipande vitano vidogo vya mia, na kidole kikasimama kabla ya kufika katikati ya ukanda. Msichana mmoja akasema, "Kumbe ile tano ya mwisho ni ya vile vidogo!" Hapo ndipo Mwalimu aliwaruhusu wajaribu 0.50, nao wakaona kidole kinatua palepale kwenye 0.5.

Halikuisha siku ile. Wachache walihama kanuni moja wakaingia nyingine: sasa waliona kila desimali ndefu ni ndogo. Na kanuni iliyozoeleka kwa miaka hurudi pale akili inapokuwa imeelekea kwingine. Kwa hiyo majuma kadhaa baadaye, somo likiwa limehamia kwenye vipimo, alichomeka swali la wanafunzi wawili walioruka, mmoja mita 1.8 na mwingine mita 1.65. Nani ameruka mbali zaidi? Baadhi walimchagua wa pili. Hakuweka alama ya kosa. Aliwapa ukanda na chaki wapime miruko yote miwili sakafuni, kisha wasahihishe daftari wenyewe.